Goti lisilouma si goti lililopona: kwa nini Gavi alikaa nje miezi 11

Jioni ya tarehe 19 Novemba 2023, katika mji wa Valladolid, timu ya taifa ya Hispania ilikuwa ikicheza na Georgia mechi ya kufuzu fainali za Euro 2024. Kiungo wa Barcelona, Gavi, alikuwa na umri wa miaka 19. Nusu saa ya kwanza haikuisha kabla hajatoka uwanjani huku akilia, goti lake la kulia likiwa limeumia. Baada ya vipimo klabu yake ilitangaza kwamba ligamenti ya mbele ya goti hilo imekatika kabisa, na meniskasi ya upande wa nje nayo imeumia. Tarehe 28 mwezi huohuo alifanyiwa upasuaji.

Alirudi kucheza tarehe 20 Oktoba 2024, Barcelona ilipoifunga Sevilla mabao 5-1. Aliingia dakika ya 83 kumpokea Pedri, ambaye alimvisha kitambaa cha unahodha alipokuwa akitoka. Kutoka siku ya kuumia hadi siku hiyo ilikuwa imepita miezi 11 na siku moja. Katika muda huo Hispania ilitwaa kombe la Euro mjini Berlin na medali ya dhahabu ya soka katika Olimpiki ya Paris, yote mawili bila yeye.

Katika viwanja vyetu vya vijijini tumezoea mambo mengine. Mchezaji huumia goti, likavimba, akachuliwa, akapumzika miezi miwili au mitatu, na akiona anatembea vizuri anarudi uwanjani. Mara nyingi goti humtoka tena katika mechi ya kwanza au ya pili. Kwa hiyo tujiulize: kijana mwenye madaktari na vifaa vyote vya Barcelona alikuwa anasubiri nini miezi 11? Jibu ni kwamba kilichokuwa kikisubiriwa hakionekani kwa macho, na mwenye goti mwenyewe hawezi kukihisi.

Kilichokatika ni nini?

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja unakutana na mfupa wa muundi. Mifupa hii miwili haikuingiana kama mchi na kinu. Imekaliana tu, mmoja juu ya mwingine. Kinachoizuia isiteleze ni ligamenti, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Ndani kabisa ya goti kuna ligamenti mbili zinazopishana kama msalaba. Ile ya mbele, ambayo watangazaji wa mpira huiita ACL, inauzuia muundi usichomoke kwenda mbele na inalituliza goti mtu anapogeuka ghafla. Katikati ya mifupa kuna gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo. Hizo ndizo meniskasi, na kazi yake ni kupokea mshindo.

Watu wengi hudhani ligamenti hii hukatika kwa kupigwa teke. Mara nyingi haiguswi na mtu. Mchezaji anakimbia, anakanyaga chini ili ageuke au asimame ghafla, mguu unabaki umeganda ardhini, mwili unazunguka, na goti linaingia ndani. Au anaruka kupiga kichwa na kutua kwa mguu mmoja uliosimama wima. Wengi husimulia kwamba walisikia au kuhisi kitu kikilia “pwa!” ndani ya goti. Halafu goti huvimba haraka, kwa kawaida ndani ya saa chache, kwa sababu ligamenti iliyokatika inavuja damu ndani ya goti. Uvimbe unaokuja kesho yake polepole unaweza kuwa wa jambo jingine. Uvimbe unaojaa siku hiyohiyo, kwa mchezaji aliyeshindwa kuendelea na mechi, ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito.

Dalili nyingine huja baadaye, baada ya wiki kadhaa uvimbe ukishapungua. Mchezaji anatembea barabarani bila shida, lakini akigeuka ghafla au akishuka mteremko goti linamtoka, kana kwamba linataka kukunjika upande usio wake.

Jambo moja huwachanganya wengi kituo cha afya. Picha ya eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi ligamenti. Mtu anaweza kuambiwa “picha yako ni safi” na ligamenti ikawa imekatika kabisa. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia mwenye uzoefu anaweza kuitambua kwa mikono yake: anamlaza mgonjwa, anakunja goti kidogo, anashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, kisha anauvuta muundi mbele. Kama ligamenti ni nzima, muundi unagota. Kama imekatika, unateleza bila kugota. Kipimo cha MRI kinathibitisha na kuonyesha kama meniskasi nazo zimeumia, lakini mkono wenye ujuzi ndio huanza. Anayeumia goti kwa namna tuliyoieleza aulize hasa: “Je, umepima ligamenti?”

Je, lazima kupasuliwa?

Si kila mtu. Mwaka 2010 ulitoka utafiti maarufu wa Sweden uliofuatilia vijana na watu wazima 121 wanaopenda michezo ambao ligamenti hii ilikuwa imekatika. Wengine walipasuliwa mapema, wengine walianza na mazoezi tiba pekee wakijua wanaweza kupasuliwa baadaye wakihitaji. Walipofuatiliwa kwa miaka mitano, karibu nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa hawajahitaji upasuaji huo.

Kwa mkulima au fundi ambaye goti lake halimtoki katika kazi zake, mazoezi yanaweza kutosha. Kwa mchezaji wa mpira, ambaye kazi yake ni kugeuka ghafla, mara nyingi madaktari hupendekeza upasuaji, kwa sababu kila goti linapotoka linaweza kuchana meniskasi, na meniskasi iliyochanika vibaya huharakisha goti kuchakaa. Kijana ambaye bado anarefuka anahitaji kuonwa na daktari bingwa wa mifupa kabla ya uamuzi wowote, kwa kuwa ncha za mifupa yake bado zinakua na upasuaji wake hupangwa kwa uangalifu wa pekee. Lakini wote wawili, aliyepasuliwa na asiyepasuliwa, hawaepuki miezi ya mazoezi. Upasuaji hauponyi goti. Unaweka tu kitu ambacho mwili utakigeuza kuwa ligamenti mpya.

Mche uliohamishwa

Hapa ndipo penye siri ya miezi 11. Ligamenti iliyokatika kabisa kwa kawaida haishonwi, kwa sababu ncha zake mara nyingi hazishikani vizuri. Daktari anachukua kipande cha ukano mwingine wa mgonjwa mwenyewe, aghalabu wa misuli ya nyuma ya paja au ule ulio chini ya pia ya goti. Anatoboa tundu katika mfupa wa paja na jingine katika muundi, anapitisha kipande hicho mahali palipokuwa na ligamenti, na kukibana kwa skrubu au vishikizo vidogo. Kipande hicho tukiite kipandikizi.

Siku ya upasuaji kipandikizi ni kigumu. Lakini kimekatwa kutoka mahali pake, hakina tena damu inayokilisha. Chembe hai zilizokuwa ndani yake zinaanza kufa. Kisha mwili unaanza kukijenga upya: mishipa midogo ya damu inaingia ndani yake, chembe mpya zinahamia, nyuzi za zamani zinalegezwa na kubomolewa ili mpya zisukwe. Wakati huohuo mfupa unakua kukishika pale kilipopitishwa. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi, ubomoaji unakuwa umetangulia ujenzi, na kipandikizi kinakuwa dhaifu kuliko kilivyokuwa siku ya kwanza. Baada ya hapo kinaimarika polepole, na kazi hiyo inaendelea kwa mwaka mzima na zaidi.

Mkulima anaweza kulielewa hili haraka kuliko mchezaji. Mche wa mwembe ukihamishwa kutoka kitaluni na kumwagiliwa, majani yanaweza kubaki ya kijani. Anayepita njiani anauona umeshika. Mwenye shamba anajua kwamba mizizi bado haijaingia ardhini, na kwamba ukiutikisa sasa utang’oka.

Sasa tuangalie maumivu. Maumivu ya baada ya upasuaji yanatoka kwenye vidonda, kwenye uvimbe na mahali mifupa ilipotobolewa. Haya yanapungua wiki hadi wiki, na kufikia mwezi wa tatu wengi hawana maumivu ya maana. Kipandikizi chenyewe, kikiwa katika hali yake dhaifu kabisa, hakimwambii mwenyewe kitu. Kwa hiyo maumivu yanashuka katika wiki zilezile ambazo nguvu ya kipandikizi nayo inashuka. Mchezaji anajisikia mzima kuliko wakati wowote tangu aumie, na goti lake lina hatari kuliko wakati wowote tangu apasuliwe. Ndiyo maana hatuwezi kumwambia kijana “sikiliza mwili wako” tukaishia hapo. Katika jeraha hili mwili unanyamaza pale ambapo ungepaswa kupiga kelele.

Miezi inavyotumika

Wiki mbili za kwanza baada ya upasuaji zina kazi tatu: kupunguza uvimbe, kunyoosha goti mpaka mwisho, na kuamsha msuli wa mbele wa paja. Kazi hii ya tatu huwashangaza wengi. Goti likijaa majimaji, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa na mwili unapunguza amri zinazokwenda kwenye msuli huo. Mgonjwa anajitahidi kukaza paja, na paja halikazi. Ndani ya wiki chache linaonekana limekonda. Zoezi lake ni dogo: kaa umenyoosha mguu, weka taulo iliyokunjwa chini ya goti, libonyeze taulo kwa nyuma ya goti, shika kwa sekunde tano, achia. Mara 10, na kurudia mara kadhaa kwa siku. Halafu kuinua mguu mzima ukiwa umenyooka. Magongo hayaachwi kwa kuhesabu siku. Yanaachwa mtu anapoweza kutembea bila kuchechemea na mtaalamu wake amemruhusu.

Kunyoosha goti ndiko kunakosahaulika zaidi, kwa sababu mgonjwa hustarehe akiweka mto chini ya goti na kulala hivyo. Goti likizoea kukaa limepinda kidogo, nyama za ndani zinajifunga na baadaye kulinyoosha inakuwa vita. Mto uwekwe chini ya kisigino, si chini ya goti.

Kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita, goti linafundishwa kukunjika zaidi, na baiskeli iliyosimamishwa husaidia sana. Kama meniskasi ilishonwa, hatua hii huenda taratibu zaidi, na daktari huweka kikomo cha kukunja goti na uzito wa kukanyagia, kwa kuwa mshono nao unahitaji muda wake.

Mwezi wa pili hadi wa nne ni wa nguvu: kuchuchumaa nusu ukiegemea ukuta, kupanda na kushuka kitu kilichoinuka kama ngazi, kuinuka kutoka kwenye kiti kwa mguu mmoja, kunyanyua visigino. Mazoezi haya ni yaleyale siku baada ya siku, uwanja uko mita 200 kutoka nyumbani, wenzake wanaita, na goti haliumi. Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea.

Mbio za kwenda mbele tu, bila kona, huanza kwa kawaida mwezi wa nne hivi, kama goti halina uvimbe na paja limerudisha sehemu kubwa ya nguvu. Kuruka, kutua, na kukata kona hufuata, kwa mwendo wa pole kwanza. Mpira bila mtu wa kukukaba huja kabla ya mpira wenye mtu. Mazoezi kamili na timu ni ya mwezi wa tisa na kuendelea.

Kanuni moja huongoza hatua zote. Goti likivimba au kuuma zaidi kesho yake asubuhi baada ya zoezi jipya, zoezi hilo limetangulia wakati wake. Rudi hatua moja, subiri uvimbe uishe, jaribu tena. Kuangalia uvimbe hakuhitaji mashine. Lala chali, mguu umenyooka. Kwa kiganja, sukuma majimaji ya upande wa ndani wa goti kuelekea juu kwenye paja, mara mbili au tatu. Kisha teremsha kiganja upande wa nje wa goti, kutoka juu kwenda chini. Kama unaona kibonyeo cha upande wa ndani kinajaa tena kama wimbi dogo, bado goti lina maji.

Kwa nini miezi tisa?

Mwaka 2016 watafiti wa Norway na Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia watu 106 waliopasuliwa ligamenti hii. Waligundua kwamba kila mwezi mmoja mchezaji aliochelewa kurudi, mpaka kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia goti tena kwa takriban nusu. Baada ya mwezi wa tisa, kuendelea kuchelewa peke yake hakukuonekana kupunguza hatari zaidi.

Lakini kalenda haikutosha. Watafiti hao waliwapima pia kwa majaribio ya nguvu na kuruka kabla ya kurudi. Miongoni mwa waliorudi kwenye michezo ya kugeuka na kugongana bila kufaulu majaribio hayo, 38 katika kila 100 waliumia goti tena ndani ya miaka miwili. Miongoni mwa waliofaulu, ni karibu 6 katika 100. Kwa hiyo yanahitajika mambo mawili pamoja: muda upite na mguu ufaulu.

Namna ya kujipima kijijini

Hospitali kubwa hupima nguvu ya paja kwa mashine. Panapokosekana mashine, futi ya fundi cherehani na kiti vinaweza kusaidia kwa sehemu. Vipimo hivi ni vya mtu aliyekwisha kuruhusiwa kuruka na mtaalamu wake. Havifai kwa goti la mwezi wa tatu.

Tuchukue mfano. Winga wa timu ya kijiji yuko mwezi wa tisa baada ya upasuaji wa goti la kushoto. Anasimama kwa mguu wa kulia, anaruka mbele mara moja na kutua kwa mguu huohuo bila kuyumba. Umbali ni sentimita 150. Anafanya hivyo kwa mguu wa kushoto: sentimita 120. Gawanya 120 kwa 150, zidisha kwa 100, unapata asilimia 80. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wengi ni angalau asilimia 90, yaani mguu wake wa kushoto unatakiwa kufikia sentimita 135. Bado hajafika, hata kama kocha anamhitaji Jumapili.

Tuseme wiki sita baadaye anafika sentimita 138. Je, aruhusiwe? Bado kuna mtego. Mtu anaweza kuruka mbali kwa kutumia nyonga na kifundo cha mguu, huku paja likiwa bado dhaifu. Kwa hiyo akae kwenye kiti cha kawaida, mikono ikiwa kifuani, ainuke na kukaa kwa mguu mmoja polepole, bila kujirusha. Mguu wa kulia unafika mara 20. Wa kushoto unafika 13 na goti linaanza kuingia ndani. Hiyo ni asilimia 65. Rukio lilimdanganya, na kiti kimesema kweli. Kinachobaki si kuruka zaidi. Anatakiwa kurudi kwenye mazoezi ya nguvu kwa mguu huo mmoja, akiongeza uzito taratibu.

Mtego wa pili ni mguu mzima wenyewe. Baada ya miezi tisa nje ya uwanja, nao umepungua nguvu. Ukiulinganisha mguu mbovu na mguu mzima uliodhoofika, asilimia 90 inaweza kuwa ya uongo. Ndiyo maana ni vizuri kupima mguu mzima mapema, kabla ya upasuaji ikiwezekana, na kuandika namba hizo kwenye daftari. Namba hizo ndizo za kufukuzia.

Mwenzi akisimama mbele na simu akipiga video ya kutua, mtaona jambo la tatu: je, goti linapotua linabaki juu ya vidole vya mguu, au linaangukia ndani kuelekea goti jingine? Goti linaloangukia ndani linarudia mkao uleule unaokata ligamenti.

Mipaka ya subira

Subira hupunguza hatari, haiifuti. Nicolò Zaniolo wa Roma alikatika ligamenti ya goti la kulia tarehe 12 Januari 2020, katika mechi na Juventus, akiwa na miaka 20. Alirudi uwanjani mapema Julai mwaka huohuo, kabla ya miezi sita kutimia. Tarehe 7 Septemba, akiichezea Italia dhidi ya Uholanzi, ligamenti ya goti lake la kushoto ilikatika. Msimu mzima uliofuata hakucheza. Hatuwezi kusema jeraha la pili lilisababishwa na haraka ya kwanza, lakini linatukumbusha jambo ambalo madaktari wanalijua: kijana aliyeumia goti moja yuko hatarini kuumia hata lile zima, kwa hiyo mazoezi ni ya miguu yote miwili. Baada ya kurudi mara ya pili, Zaniolo ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya Ligi ya Conference dhidi ya Feyenoord, tarehe 25 Mei 2022.

Gavi naye, pamoja na miezi yake 11, Septemba 2025 alipasuliwa tena goti lilelile la kulia, safari hii kwa sababu ya meniskasi. Goti lililowahi kukatika ligamenti ni goti la kutunzwa maisha yote, na mazoezi ya nguvu hayaishi siku ya mechi ya kwanza.

Siku za mwanzo, na dalili za kukimbilia hospitali

Goti likiumia leo, mtoe mchezaji nje asirudi kujaribu. Liinuliwe, lifungwe bandeji isiyobana sana, na lipozwe kwa maji baridi au barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hivi kila mara. Kulichua kwa nguvu na kulikanda kwa maji ya moto siku za kwanza huongeza damu kwenye goti ambalo tayari linavuja, na kulivuta “lirudi mahali pake” kunaweza kuongeza mchaniko. Apelekwe kituo cha afya kuangaliwa kama hakuna mfupa uliovunjika, na aombe rufaa ya kumwona daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia.

Baada ya upasuaji, mambo matatu hayasubiri miadi. La kwanza ni shavu la mguu, yaani nyama ya nyuma ya muundi, kuvimba na kuuma, au pumzi kubana ghafla. Huenda damu imeganda kwenye mshipa. La pili ni homa pamoja na goti kuwa la moto, jekundu au kutoa usaha. La tatu ni goti kukwama, lisiweze kunyooka wala kukunjika. Kwa lolote kati ya hayo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa makocha wa timu za vijiji tunaongeza jambo moja. Gavi hakuanza mechi siku aliyorudi. Alipewa dakika za mwisho, timu yake ikiwa tayari imeshajihakikishia ushindi. Mchezaji wako akifaulu vipimo, mpe kwanza wiki kadhaa za mazoezi kamili na wenzake. Kisha mpe dakika 10, halafu 20, halafu nusu ya mchezo, na kila asubuhi inayofuata mwangalie goti kabla hujampangia mechi nyingine.